Hao Wageni Mia Tano Uliwahudumia Peke Yako?

Alikuwa kijana wa Makunduchi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mistari ya mikono ikasimama. Aliniamkia, nikamwitikia, akaketi na kunisogezea sivii yake ya kurasa nne. Tulikuwa tunatafuta wahudumu watatu wa restoranti kabla ya msimu wa Julai, na mezani kwangu palikuwa na sivii themanini na kitu. Nyingi zilifanana kama sahani za seti moja: mchapakazi, mwaminifu, mcheshi, yuko tayari kujifunza. Ya kijana huyu ilikuwa na mstari mmoja uliozipita zote: "Nilihudumia zaidi ya wageni 500 kila siku."

"Hoteli mliyokuwa ina vyumba vingapi?"

"Sitini na vinne, bosi."

"Vikijaa vyote mnakuwa na wageni wangapi?"

Akapiga hesabu kwa midomo. "Kama mia na ishirini na kidogo."

"Sasa hao mia tano walikuwa wanalala wapi?"

Akacheka, kisha akanyamaza. Hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililonisikitisha. Alikuwa amehesabu kifungua kinywa, chakula cha mchana, cha usiku na vinywaji vya pembeni ya bwawa, kila anayekaa kitini akamhesabu upya. Halafu yule mtu wa steshenari aliyemchapia sivii akamwambia namba kubwa ndiyo inayovutia, wakaizungusha juu. Kazi aliyoifanya kweli, ambayo ilikuwa nzuri tu, ikafichwa nyuma ya namba ambayo mtu yeyote anayejua hoteli ataivunja kwa maswali matatu.

Nimebeba trei, nimekuwa kepteni, nimekuwa supavaiza, na sasa nimeishia kwenye kiti cha kusoma sivii za wenzangu. Kasoro ninayoikuta zaidi ni hii ya kuchukua kilicho cha hoteli na kukiandika kama chako. Idadi ya wageni ni ya hoteli, cheti cha usalama wa chakula kilichotundikwa mapokezi ni cha hoteli, tuzo iliyowekwa kwenye kabati la kioo ni ya hoteli. Anayekuajiri anataka kujua fungu lako katika hayo yote. Fungu lako likiwa dogo, sawa, madamu linaonekana.

Ubao wa asubuhi

Turudi kwa kijana wetu, maana siku ile tulikaa naye tukaifanya hesabu upya nyuma ya ile karatasi yake.

Kila hoteli ya kiasi hicho ina ubao au karatasi ya brifingi inayosomwa kabla zamu haijaanza. Huandikwa vyumba vilivyolaliwa, wageni waliomo ndani, wanaoingia leo na wanaotoka. Hapo ndipo namba ya kweli inapozaliwa. Kijana alikumbuka vizuri siku za Agosti: vyumba 58 kati ya 64, wageni kama 112, kwa sababu vyumba vingi vina watu wawili, vichache vina mtu mmoja, na kimoja kimoja kina mtoto. Kwenye bafe ya asubuhi hawaji wote. Wapo walioondoka alfajiri kuwahi pomboo wa Kizimkazi wakabebeshwa boksi la chakula, wapo waliolala mpaka saa tano. Waliokaa kula walikuwa 105 hivi.

Wahudumu wa ukumbini asubuhi hiyo walikuwa watano, mbali na aliyesimama kwenye mashine ya kahawa na kepteni wao. Ukumbi uligawanywa vituo vitano. Gawa 105 kwa tano, unapata 21. Kijana wetu alikuwa na meza nane na wageni 21 ndani ya saa tatu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne.

Ukimwambia mtu wa kawaida "wageni 21" atakuona hukufanya kazi. Ukimwambia kepteni wa restoranti "kituo cha meza nane, bafe ya wageni 105, wahudumu watano", ameshaiona asubuhi yako nzima. Anajua ulipanga upya meza mbili au tatu kwa ajili ya wageni wa awamu ya pili, anajua ulikimbizana na vikombe vya chai, anajua ni saa ngapi miguu ilianza kuuma. Pia anapata kitu anachoweza kulinganisha na ukumbi wake. Kama kwake kituo kina wageni 25, anajua hutashtuka. Kama kwake kuna wageni 40 kwa mhudumu mmoja, anajua atahitaji kukufundisha kasi, na ni afadhali alijue mapema kuliko wiki ya kwanza ya Agosti.

Kisha nikamuuliza kuhusu Mei. Pwani yetu Aprili na Mei ni masika. Mvua inanyesha, hoteli nyingine hufunga kabisa na kutumia muda huo kupaka rangi. Kwao hawakufunga, lakini vyumba vilivyolaliwa vilikuwa 15, wageni 28 tu, na wahudumu wa asubuhi wawili. Kila mmoja wageni 14. Watu wengi huificha miezi hiyo kwa aibu, na mimi nawaambia waiandike. Mwajiri akiona namba ya msimu wa juu peke yake anajiuliza umemfichia nini. Akiziona zote mbili anaelewa ulikaa mwaka mzima, na hukuwa kibarua wa wiki sita za Krismasi. Zaidi ya hapo, Mei kijana huyu ndiye aliyekuwa akifungua restoranti na kuendesha baa kwa wakati mmoja kwa sababu wenzake walikuwa likizo. Katika zile kurasa nne hakuliandika hilo hata kwa neno moja.

Mistari miwili iliyochukua nafasi ya wageni mia tano ilisomeka hivi:

"Restoranti ya viti 90, hoteli ya vyumba 64. Zamu ya asubuhi, bafe: wageni 90 hadi 110 kwa siku Julai hadi Septemba, 25 hadi 35 Aprili na Mei. Wahudumu watano msimu wa juu. Kituo changu meza nane, wageni wapatao 20."

Neno "wapatao" lina kazi yake hapo. Namba inayoishia na kitu cha ajabu, kama 103.7, inamfanya msomaji ahisi umeitunga. Namba ya mhudumu ni makadirio, nayo iandikwe kama makadirio ya mtu aliyekuwepo.

Idara nyingine zina vipimo vyake, na kosa ni lile lile. Dada wa usafi wa vyumba anayeandika "nilisafisha vyumba 14 kwa siku" hajasema yote, kwa sababu chumba ambacho mgeni anaendelea kukaa na chumba ambacho mgeni ametoka ni kazi mbili tofauti. Cha kwanza kinaweza kumalizika kwa dakika 20 au 25. Cha pili kinabadilishwa mashuka yote, kinafunguliwa droo zote, friji inakaguliwa, na kinaweza kumla dakika 45. Vyumba tisa vya wageni waliotoka ni siku nzito kuliko 14 vya wanaoendelea kukaa. Aandike mgawanyo: kwa kawaida 14, kati yake vinne au vitano vya kutoka. Kama hoteli ni ya banda banda, zimetawanyika mchangani, aliseme hilo, maana kuburuta kigari cha mashuka juu ya mchanga ni kazi ambayo mwenye hoteli ya ghorofa haijui. Wa mapokezi aandike wanaoingia na wanaotoka katika zamu yake. Wa jikoni aandike sahani zilizotoka kwenye kituo chake, si zilizotoka jikoni.

Na namba hizi unazipata wapi baada ya miaka miwili umeshahama? Huzipati. Ndiyo maana inafaa kuziandika ukiwa bado na sare. Mashine nyingi za kutolea bili humpa kila mhudumu namba yake ya siri, na mwisho wa zamu zinaweza kutoa ripoti ya meza na wageni aliowahudumia yeye. Isome, iandike kwenye daftari lako dogo, irudishe. Usiipige picha uondoke nayo, kwa sababu ripoti hiyo ina mauzo ya hoteli, na mwajiri mpya atakayeona umebeba mauzo ya jirani yake atajiuliza utabeba nini siku ukiondoka kwake. Mauzo yasiingie kwenye sivii bila ruhusa. Majina ya wageni yasiingie kabisa, hata kama ulimhudumia waziri au mchezaji mpira unayempenda. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, lakini hata bila sheria, hoteli inauza usiri kama inavyouza kitanda.

Nani alishika ufunguo

Sehemu ya majukumu kwenye sivii ya kijana ilikuwa na maneno kumi: "kuhudumia wageni, kutandika meza, kusafisha restoranti, kuchukua oda, kupeleka bili." Ukiyatoa jina lake na kuweka la mhudumu yeyote kutoka Mombasa mpaka Kigali, hakuna kitakachobadilika.

Nilimwomba anisimulie zamu moja tangu anapofika. Akaanza kwa kusitasita, kisha akafunguka. Anafika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Anachukua ufunguo wa restoranti kwa mlinzi, anasaini. Anawasha beinmari za bafe na kuhakikisha maji yake yamepata moto kabla chakula hakijaletwa. Saa kumi na mbili brifingi. Saa moja milango inafunguliwa. Saa nne bafe inatolewa, vijiko na uma vinang'arishwa kwa maji ya moto yenye siki, meza zinatandikwa kwa ajili ya mchana. Saa nane anaandika daftari la makabidhiano: mgeni wa chumba fulani hali karanga, wa chumba fulani ana siku ya kuzaliwa usiku, bili ya meza fulani haijasainiwa.

"Nani alikuwa anaandika hilo daftari?"

"Mimi, bosi. Kepteni alikuwa na mambo mengi."

"Na ufunguo unachukua wewe kila siku?"

"Siku nne kwa wiki. Siku mbili mwenzangu, na siku moja ofu."

Basi hapo ndipo sivii yake ilipokuwa imejificha. Kutandika meza kila mhudumu anatandika. Kupewa ufunguo, kuandika makabidhiano, kubeba habari ya mgeni mwenye mzio kutoka zamu moja kwenda nyingine, hizo ni kazi anazopewa mtu anayeaminiwa. Wageni kutoka Ulaya wamezoea menyu zinazotaja vyakula 14 vinavyoleta mzio, kuanzia karanga, maziwa na mayai hadi ufuta na pweza. Mgeni akisema hali ufuta, habari hiyo ikipotea kati ya asubuhi na usiku, mtu anaweza kukimbizwa hospitali. Mhudumu aliyezoea kuibeba habari hiyo anastahili mstari wake kwenye karatasi.

Tukaandika: "Nilifungua restoranti siku nne kwa wiki na kuwasha bafe. Niliandika daftari la makabidhiano ya zamu, pamoja na mzio wa wageni na bili zilizobaki. Mei 2023 niliendesha zamu ya asubuhi na mwenzangu mmoja bila kepteni. Niliwafundisha wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo."

Angalia vitenzi vyake: nilifungua, niliandika, niliendesha, niliwafundisha. Kwenye sivii mbovu utakuta "kuhusika katika", "kushirikiana kwenye", "kusaidia". Maneno hayo hayana ufunguo mkononi. Kama kweli ulikuwa unasaidia, andika ulimsaidia nani kufanya nini. Msaidizi wa mtengeneza keki aliyekuwa anapima unga na sukari kila alfajiri ana cha kuandika, madamu aseme ni upimaji.

Wengi huniuliza kuhusu zamu za kukatika, zile za asubuhi na jioni zenye mapumziko mirefu katikati. Ziandike. Hoteli nyingi za ufukweni zinazitumia, wafanyakazi wengi hawazipendi, na mwajiri anayeona umeziishi kwa mwaka mzima anajua hutaacha kazi wiki ya pili. Zamu ya usiku kwenye mapokezi nayo iandikwe kwa jina, hasa kama ulikuwa unafunga hesabu za siku peke yako, maana si kila karani wa mapokezi anaijua.

Nyuzi 48

Kwenye usafi wa chakula ndipo karatasi zinapochanganywa kuliko mahali pengine. Kijana wetu aliandika: "Nina cheti cha afya na HACCP." Nilimwomba anionyeshe. Cheti cha afya kilikuwepo, kile cha kupimwa na daktari ambacho washika chakula Tanzania na Kenya kwa kawaida hutakiwa kukirudia kila miezi sita. Chake kilikwisha muda miezi minne iliyopita. Hicho cha HACCP hakikuwa chake. Ni hoteli ndiyo iliyokaguliwa ikapewa cheti. Yeye alikuwa mmoja wa wafanyakazi siku ile wakaguzi walipopita.

Kwa hiyo kuna karatasi tatu hapo, na kila moja inasema jambo lake. Cheti cha daktari kinasema mwili wako haukuwa na ugonjwa wa kuambukiza kwa chakula siku uliyopimwa. Hakisemi unajua chochote. Cheti cha mafunzo kinasema ulikaa darasani ukafundishwa, labda siku moja, labda tano, na pengine ulifanya mtihani. Cheti cha hoteli kinasema jiko lina utaratibu ulioandikwa: hatari zimetambuliwa, sehemu za kuzidhibiti zimewekwa, viwango vinapimwa na kurekodiwa. Huo wa tatu unaweza kuutaja tu kwa kueleza ulifanya nini ndani yake.

Kijana alikuwa amefanya. Kila baada ya saa mbili alikuwa anapima joto la vyakula vya bafe na kujaza fomu, mwaka mzima. Aliona ni kazi ya kawaida isiyostahili kuandikwa. Mimi nikaona huyu ndiye ninayemtafuta, ila nikataka kumjaribu kwanza, kwa sababu fomu inaweza kujazwa na mtu aliyekaa kivulini na kalamu.

"Unapima maharage kwenye bafe, kipimajoto kinasoma nyuzi 48. Unafanya nini?"

Swali hili nimewauliza wengi. Anayebahatisha hujibu, "Naongeza moto wa beinmari." Hilo ni kosa. Beinmari imetengenezwa kushikilia joto la chakula ambacho tayari ni cha moto. Haina nguvu ya kukipasha upya kwa haraka. Ukiongeza moto, maharage yatapanda polepole, yakikaa katikati ya nyuzi 5 na 60, eneo ambalo bakteria huzaana kwa raha. Mwingine hujibu kwamba ataongeza maharage mapya juu ya yale ya zamani. Hilo ni kosa kubwa zaidi, maana sasa umeyatia ya zamani ndani ya mapya na hutaweza kuyatenganisha.

Kijana wa Makunduchi alijibu kwa kuniuliza swali. "Mara ya mwisho yalipimwa saa ngapi, bosi?"

Hilo ndilo jibu. Kama dakika 40 zilizopita yalikuwa nyuzi 65, muda ni mfupi. Yarudishwe jikoni yapashwe mpaka yafike 75 na zaidi katikati ya sufuria, kisha ndipo yarudi kwenye bafe. Kama hakuna anayejua yameshuka tangu lini, yanamwagwa, na kwenye fomu inaandikwa kwamba yamemwagwa. Fomu ambayo kwa miezi sita haina chakula hata kimoja kilichomwagwa au kupashwa upya haiaminiki; ni fomu ya kivulini. Nikamuuliza pia anajuaje kama kipimajoto chenyewe hakidanganyi. Akasema anakichovya kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, anasubiri, kinatakiwa kisome sifuri. Nikafunga kalamu yangu.

Mstari wake ukawa: "Mafunzo ya usafi wa chakula, siku mbili, Machi 2023, yaliyotolewa na hoteli kupitia mkufunzi wa nje. Nilipima na kurekodi joto la bafe kila saa mbili kwa miezi 12, moto nyuzi 60 kwenda juu, baridi nyuzi 5 kwenda chini. Cheti cha afya: kinahuishwa." Hili neno la mwisho nililisisitiza. Kilichokwisha muda kiseme kimekwisha na unakihuisha. Afisa utumishi atakiomba siku ya kwanza ya kazi vyovyote vile, na kukuta tarehe imepita kwenye karatasi uliyoisifia ni mwanzo mbaya.

Wanaotaka kwenda Ghuba wajue kwamba vyeti vya huku havifuti masharti ya kule. Dubai, kwa mfano, Manispaa inataka sehemu za chakula ziwe na mtu aliyefunzwa na kupewa cheti cha kusimamia usalama wa chakula, na washika chakula wengine nao wawe na mafunzo ya msingi. Cheti chako cha nyumbani kinaonyesha hutaanza na sifuri, lakini darasa la kule utalikaa.

Kuna ambao hawana cheti chochote cha darasani, wamejifunzia kazi kichwani mwa wengine na mikononi mwao wenyewe. Tanzania Bara wanaweza kuuliza VETA kuhusu urasimishaji wa ujuzi, utaratibu unaompima mtu kwa kazi anayoifanya na kumpa cheti bila kumrudisha chuo miaka miwili. Upishi na uhudumu wa hoteli vimo.

Tuzo ya nani

Ukurasa wa mwisho wa kijana ulikuwa na nyota. Nyota za kweli, zilizochorwa, tano, na chini yake: "Mshindi wa tuzo ya hoteli bora ya ufukweni." Nimeshaeleza hiyo ni ya nani. Hoteli ikishinda tuzo, iandike kwenye mstari mmoja pale unapotaja mwajiri, ili msomaji ajue umetoka nyumba ya namna gani. Usiiweke kwenye orodha ya mafanikio yako.

"Wewe mwenyewe hujawahi kupewa chochote?"

"Mfanyakazi bora wa mwezi, mara moja. Walinipa cheti na elfu hamsini."

Elfu hamsini haihusiki, zimeshaliwa. Kinachohusika ni mwezi gani, kati ya wafanyakazi wangapi, na kwa sababu gani. Agosti ambapo hoteli imejaa ina uzito kuliko Mei. Kati ya wafanyakazi 118 ni tofauti na kati ya 12 ambao zamu yao hufika kila mwaka kama sikukuu. Sababu ndiyo yenye thamani kuliko zote, na kwa kawaida imeandikwa kwenye cheti lakini hakuna anayeinakili. Cha kijana kilisema alirudisha pochi ya mgeni iliyosahaulika kwenye kiti, ikiwa na pesa zake zote. Hilo liko kwenye kabati la nyumbani, sivii haina habari!

Siku hizi tuzo nyingine inatoka kwa wageni wenyewe, mtandaoni, wanapotaja jina la aliyewahudumia. Ni ushahidi mzuri kwa sababu mwajiri anaweza kwenda kuusoma, na mimi huenda. Naandika jina kwenye sehemu ya kutafuta maoni ya hoteli uliyotoka na kuona kinachokuja. Tabu ni kwamba hoteli za Unguja zina akina Ali watano, basi andika jina lililokuwa kwenye beji yako na idara yako. Andika pia idadi na kipindi: "Nimetajwa kwa jina katika maoni 17 ya wageni, Januari hadi Desemba 2023." Usibandike picha za maoni kumi na saba. Kama unabandika moja, funika jina la mgeni na namba ya chumba.

Kuna maoni ya kuombwa, na yanajulikana. Yanakuja matatu siku moja, yote mafupi, yote yanataja jina kamili la mhudumu kwa tahajia sahihi kabisa, wakati mgeni wa kweli aliyekunywa mvinyo chupa nzima hawezi kuandika "Mwinyihaji" bila kukosea. Mtandao wa Tripadvisor unakataza kumpa mgeni zawadi ili aandike. Mgeni wa kweli anasimulia kitu: ulikumbuka kwamba mkewe hali pilipili, ulimpelekea mtoto wake ndizi bila kuombwa.

Na wanaofanya kazi ambako mgeni hafiki? Wa dobi, wa kuosha vyombo, wa stoo? Mfumo wa tuzo umewasahau, na naona ni dhuluma, lakini sivii yao haihitaji kubaki tupu. Kupandishwa daraja ni tuzo. Kupewa mashine mpya uwafundishe wenzako ni tuzo. Mkataba wa msimu ulioitwa tena mwaka wa pili na wa tatu ni tuzo ambayo hakuna anayetoa kwa huruma, iandike: "Niliitwa tena misimu mitatu mfululizo."

Sivii ya kurasa nne ilishuka ikawa ukurasa mmoja na robo. Tuliondoa kabila, dini, uzito, na ile aya ya malengo ya maisha. Pengo la 2020 alitaka kulifunika kwa kunyoosha tarehe. Tukaandika tu kwamba hoteli ilifunga kwa ajili ya korona naye akarudi kuvua. Kila msomaji wa sivii za hoteli anaujua mwaka huo. Chini tukaweka cheo cha supavaiza wake wa zamani na namba yake ya simu, baada ya kijana kumpigia kuomba ruhusa. Kisha akaiandika kwa Kiingereza nyumbani, kwa kuwa hoteli nyingi huitaka hivyo, lakini aliniambia ilikuwa rahisi kwa sababu alishajua anataka kusema nini.

Nafasi tuliyokuwa nayo tulimpa. Ningependa kusema ni kwa sababu ya sivii mpya, ila ukweli ni kwamba ilikuwa lile swali lake la "saa ngapi". Bila kuulizwa asingelionyesha, na hoteli nyingine zote alizopeleka zile kurasa nne hazikumwita hata kumuuliza.

Ukiondoka kazini, dai hati ya utumishi kabla ya kurudisha sare. Tanzania Bara ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Kenya kwenye Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiri hakufanyii hisani akikupa. Na kama uko zamu leo, kabla hujavua viatu jioni, chukua daftari uandike: vyumba vingapi vililaliwa, wageni wangapi walikula, mlikuwa wahudumu wangapi, meza zako zilikuwa zipi.